Bwana ana virusi, bibi hana: kidonge cha PrEP kinakinga nyumba kwa namna gani?

Hapa Bunia, watu wanaposikia kwamba ndani ya nyumba moja bwana ana virusi vya sida na bibi hana, wengi wanasema neno moja kati ya mawili: ao kipimo kimekosea, ao bibi naye anavyo tayari, ni vile havijaonekana. Maneno yote mawili yanaweza kuwa ya uongo. Virusi havipiti kila mara watu wanapokutana kimwili. Kuna nyumba ambamo wawili wamelala pamoja miezi mingi, hata miaka, mmoja akiwa na virusi na mwenzake akiwa bado hana. Lakini kila mara wanapokutana bila kinga ni kama kutupa kete tena. Hatari ya siku moja ni ndogo, hatari ya mwaka mzima ni kubwa.

Kwa nyumba kama hiyo kuna dawa mbili za kufikiria. Ya kwanza inajulikana: mwenye virusi anaanza ARV, na kama anazinywa vizuri, virusi katika damu yake vinapungua mpaka kipimo hakivioni tena. Mtu aliyefika hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Lakini kufika hapo kunachukua muda, mara nyingi miezi, na hapo katikati mwenzake anabaki bila kinga. Dawa ya pili ni ya kuziba hilo pengo. Inaitwa PrEP, yaani dawa ambayo mtu asiye na virusi anakunywa kabla ya kukutana navyo, ili visimshike. Watu wengi wa mashariki mwa Kongo wamesikia jina lake, lakini wachache wameelezwa inafanya kazi kwa namna gani, na juu ya nini kwa wengine inakinga na kwa wengine haisaidii kitu.

Tofali lisilo na mgongo

Virusi vya sida vikiingia mwilini vinatafuta askari wa damu, zile chembe ambazo waganga wanaita CD4. Kirusi hakiwezi kuzaana chenyewe. Ni lazima kiingie ndani ya chembe, kinakili maandishi yake kwa mtindo ambao chembe inauelewa, kisha kiyaingize katika maandishi ya chembe yenyewe. Kikishamaliza hiyo kazi, chembe imekamatwa, na hakuna dawa ya leo inayoweza kukitoa humo.

Kunakili huko kunafanyika kama fundi anavyojenga ukuta: tofali moja, kisha lingine juu yake. Dawa ya tenofoviri, iliyo ndani ya kidonge cha PrEP, inafanana sana na tofali ambalo kirusi kinatafuta. Kirusi kinalichukua na kuliweka. Lakini hilo tofali halina mgongo wa kubeba lingine. Ukuta unasimama hapo, nakala inabaki nusu, na chembe inaokoka. Kidonge kina dawa mbili za namna hiyo, na ndiyo maana kwa kopo utasoma TDF/FTC ao TDF/3TC.

Hapo tunaelewa mambo mawili. La kwanza, PrEP si chanjo. Haifundishi mwili kupigana, na haibaki mwilini mwaka mzima. Inakinga tu kama tofali la bandia liko tayari ndani ya chembe wakati kirusi kinapofika. La pili, dawa mbili zinatosha kuzuia virusi vichache vinavyojaribu kuingia, lakini hazitoshi kutibu mtu ambaye virusi vimekwisha kujenga ndani yake. Kwa huyo zinatakiwa tatu. Akipewa mbili tu, virusi vinaweza kujifunza kuzishinda, na baadaye matibabu yake yatakuwa magumu. Ndiyo maana hakuna muganga anayeruhusiwa kutoa PrEP kabla ya kupima damu.

Kidonge kimoja, majibu mawili

Ushahidi mkubwa wa dawa hii ulitoka karibu na sisi. Kati ya 2008 na 2011, utafiti ulioitwa Partners PrEP ulifuata wanandoa na wapenzi 4,747 wa Kenya na Uganda. Kila mara mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana. Wale wasio na virusi waligawanywa makundi matatu yaliyokaribia kulingana: kundi moja lilipewa tenofoviri peke yake, la pili tenofoviri pamoja na emtrisitabini, na la tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Katika kundi lisilo na dawa, watu 52 walipata virusi. Katika kundi la tenofoviri walikuwa 17. Katika kundi la dawa mbili walikuwa 13. Kwa maneno mengine, kidonge cha dawa mbili kilipunguza maambukizi kwa 75 kwa 100. Na walipoangalia damu ya watu ambao dawa ilionekana kweli ndani yao, kinga ilifika karibu 90 kwa 100.

Sasa tuangalie utafiti mwingine wa miaka hiyo hiyo, FEM-PrEP. Huu ulichukua wanawake 2,120 wa Kenya, Tanzania na Afrika ya Kusini. Kidonge ni kile kile cha dawa mbili. Katika Aprili 2011 watafiti waliusimamisha kabla ya wakati, kwa sababu haukuonyesha faida: wanawake 33 waliopewa dawa walikuwa wameambukizwa, na 35 kati ya wale waliopewa kidonge cha bure. Karibu hakuna tofauti.

Je, dawa ilishindwa kwa miili ya wanawake? Hapana. Katika Partners PrEP wanawake walikingwa vizuri. Jibu lilipatikana ndani ya damu. Walipoulizwa, wanawake 95 kwa 100 walisema wanakunywa kidonge kawaida. Lakini damu ilipopimwa, chini ya 40 kwa 100 ndio walikuwa wamekinywa siku za karibuni. Kidonge kilikuwa kinabaki kwa kopo.

Tusikimbilie kuwaita waongo. Wengi wao hawakujiona kuwa katika hatari, na mtu asiyejiona katika hatari haoni sababu ya kunywa dawa kila siku. Tena walikuwa ndani ya jaribio: hawakujua kama kidonge chao kina dawa, wala kama dawa yenyewe inafaa. Na kuna ile hofu tunayoijua hata hapa: ukionekana na kopo la dawa za namna hiyo, jirani atasema una ugonjwa. Katika Partners PrEP mambo yalikuwa tofauti. Bibi na bwana walikuwa wamepimwa pamoja, kila mmoja alijua hali ya mwenzake, na hatari haikuwa hadithi ya redio, ilikuwa inalala kitandani nao. Kopo halikufichwa kwa mwenzi. Mwenzi ndiye aliyekuwa anakumbusha.

Siku saba za mwanzo

Swali linalofuata ni hili: ukianza leo, umekingwa lini? Kwa mwanamke, Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema anywe kidonge kimoja kila siku kwa siku 7 kabla ya kuhesabu kwamba kinga imekamilika. Katika siku hizo 7 atumie kapoti ao asubiri. Akitaka kuacha, aendelee siku 7 baada ya mara ya mwisho aliyokutana na hatari. Kwa mwanaume inaenda haraka zaidi: akianza na vidonge 2 kwa pamoja, angalau saa 2 kabla ya kukutana, kisha kimoja kila siku, anakuwa na kinga, na anaweza kuacha siku 2 baada ya mara ya mwisho.

Tofauti hiyo haina dharau kwa mtu. Tenofoviri haikai kwa wingi sawa katika kila sehemu ya mwili. Katika sehemu za siri za mwanamke inajikusanya kidogo na polepole. Kwa hiyo mwanamke anayeruka siku mbili tatu kila wiki ana akiba ndogo ya dawa kuliko mwanaume anayeruka siku hizo hizo. Kwa mama, mpango ni mmoja: kila siku, saa ile ile, kabla ya kulala ao pamoja na chai ya asubuhi. Chakula si lazima. Ukisahau, kunywa mara tu unapokumbuka siku hiyo. Kesho yake endelea na kimoja, usinywe viwili kwa kulipa deni.

Katika mwezi wa kwanza, karibu mtu 1 kwa 10 anasikia kichefuchefu, kichwa kuuma ao tumbo kuvurugika kidogo. Kwa wengi inaisha yenyewe ndani ya wiki chache. Ni vizuri kulijua hilo mapema, kwa sababu wengi wanaoacha wanaacha hapo.

Mfano: mama wa samaki na bwana wa Mongbwalu

Tuchukue mfano. Si watu wa kweli, lakini kila mtu wa Ituri anaweza kuwaona. Mama ana miaka 34, anauza samaki katika soko la Bunia, na kila wiki anashuka Kasenyi ao Tchomia kununua. Bwana anachimba dhahabu Mongbwalu, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari hii bwana amerudi amekonda, ana homa. Kwa santa ya afya wanampima, wanakuta virusi. Anaanza ARV siku ile ile. Mama anaitwa, anapimwa, hana.

Swali la kwanza la muganga kwa mama: mlikutana mara ya mwisho lini bila kapoti? Kama ni ndani ya masaa 72, haanzi na PrEP. Anapewa dawa nyingine iitwayo PEP, ambayo ni ya kuzima moto uliokwisha kuwashwa, siku 28. Ikiisha, anaingia PrEP bila kuruka hata siku moja. Kwa mama wetu zimepita wiki tatu, kwa hiyo PEP haitasaidia tena.

Swali la pili: umekuwa na homa, koo kuuma, vipele ao tezi kuvimba katika hizi wiki? Kipimo cha haraka cha kidole hakioni virusi vilivyoingia juzi. Vinaweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kama mama angekuwa na dalili hizo, muganga angengoja kidogo na kupima tena, asije akampa dawa mbili mtu anayehitaji tatu. Hana dalili, kwa hiyo anaanza leo, na kipimo kitarudiwa baada ya mwezi 1.

Kuna vipimo viwili vingine. Kimoja ni cha figo, kinachoitwa kreatinini, kwa sababu tenofoviri inapita kwa figo, na kwa watu wachache inazichokesha. Mama hana historia ya figo, kisukari wala presha, kwa hiyo damu inachukuliwa lakini kidonge hakingoji jibu. Kingine ni cha homa ya ini aina B. Tenofoviri inakandamiza virusi vya ugonjwa huo pia. Mtu aliye nao anaweza kutumia PrEP, lakini akiacha ghafla, ini linaweza kuwaka. Huyo asiache bila kumwambia muganga.

Mama anarudi nyumbani na kopo la vidonge 30. Siku 7 za kwanza, kapoti. Baada ya mwezi 1 anapimwa tena: hana virusi. Anapewa vidonge vya miezi 3, na tangu hapo atapimwa kila miezi 3.

Mwezi wa nne, njia inafungwa. Milio ya silaha imesikika upande wa ziwa, mama amekwama Kasenyi siku tano, na kopo liko Bunia. Afanye nini? Kinga yake imeshuka, lakini hakuna kilichoharibika kama hajakutana na hatari katika siku hizo na zile zilizofuata. Akirudi anaanza tena kidonge kimoja kwa siku, anahesabu siku 7 upya, na kwa hizo siku wanarudi kwa kapoti. Kama wamekutana bila kapoti kabla ya siku 7, anaenda kwa muganga ndani ya masaa 72 na kusema wazi. Safari nyingine anaweka vidonge vya siku 7 ao 10 ndani ya kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko, anatembea nacho ndani ya mfuko wake, siyo ndani ya mzigo wa samaki. Kopo kubwa linabaki nyumbani, limefungwa vizuri, mbali na jua na unyevu.

Mwezi wa sita, bwana anafanyiwa kipimo cha wingi wa virusi katika damu, ile waganga wanaita sharji virali. Hapo ndipo jambo linaamuliwa. Kama virusi havionekani, na bwana anaendelea na ARV, mama hatapata virusi kutoka kwake. Anaweza kuacha PrEP baada ya siku 7 nyingine, kama hakuna hatari ya upande mwingine. Kama virusi bado ni vingi, mama haachi. Muganga anarudi kwa bwana kuuliza: vidonge vinakwisha huko Mongbwalu? Anavificha kwa wenzake? Anaruka siku?

Njia hii ilijaribiwa kweli. Baada ya Partners PrEP, mradi mwingine ulifuata wanandoa na wapenzi 1,013 huko Kisumu na Thika kwa upande wa Kenya, Kampala na Kabwohe kwa upande wa Uganda. Asiye na virusi alikunywa PrEP mpaka mwenzake alipomaliza miezi 6 ya ARV, kisha akaacha. Maambukizi yalipungua kwa 96 kwa 100 kulinganisha na yale yaliyotarajiwa. Kidonge cha mama ni daraja. Ukifika ng'ambo, unashuka.

Kuna kosa moja linaloharibu daraja hilo, na linafanyika kwa mapendo: kugawana dawa. Vidonge vya mama vimekwisha, bwana anamwambia, "Kamata za kwangu, ni dawa moja." Si dawa moja. ARV za bwana zina dawa ya tatu, dolutegraviri, na zimehesabiwa kwa siku zake. Akitoa 10, atabaki siku 10 bila dawa, virusi vyake vitapanda, na yule aliyetaka kumkinga ndiye atakuwa katika hatari.

Nani anafaidika zaidi?

Watu wanauliza juu ya nini PrEP haitolewi kwa kila mtu. Hesabu inajibu vizuri. Katika Partners PrEP, kati ya watu 100 wasio na dawa, karibu 2 waliambukizwa kwa mwaka. Kati ya 100 wenye dawa mbili, ilikuwa nusu mtu. Tofauti ni mtu mmoja na nusu kwa kila 100. Maana yake, watu karibu 67 wakinywa mwaka mzima, mmoja anaokoka. Sasa chukua mahali ambapo kwa mwaka anaambukizwa mtu 1 kati ya 1,000. Hata dawa isiyokosea kamwe ingehitaji watu 1,000 kunywa mwaka mzima ili kuokoa mmoja. Na katika uchunguzi wa afya wa taifa wa 2013 na 2014, watu wazima wenye virusi katika Kongo yote walikuwa 1.2 kwa 100. Hatari yetu haikutandazwa sawasawa kama unga kwa meza. Imejikusanya mahali.

Wa kwanza ni wale tuliowasema: mwenye mwenzi aliye na virusi ambaye hajafika miezi 6 ya ARV, ao ambaye dawa zake zinakatika, ao ambaye amekataa kuanza. Kwa hawa, mwanamke mwenye mimba ao anayenyonyesha anatangulia wote. Mama akiambukizwa katika kipindi hicho, virusi vinakuwa vingi sana katika damu na maziwa yake, na hatari kwa mtoto inapanda. PrEP inaruhusiwa wakati wa mimba na wa kunyonyesha, na haigombani na dawa za uzazi wa mpango.

Wa pili ni watu wanaouza ngono na wateja wao, pale ambapo pesa ya dhahabu inazunguka na watu hawakai, na wanaume wanaolala na wanaume. Wa tatu ni yule anayerudi kuomba PEP mara ya pili, ya tatu. Huyo ameonyesha mwenyewe kwamba hatari yake si ya siku moja.

Vipi kuhusu mwanamke aliyebakwa njiani kuelekea shamba, ao katika sait ya wakimbizi? Kwa yeye kitu cha kwanza ni PEP, ndani ya masaa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofaa. Hapa Bunia, kituo cha Karibuni wa Mama cha shirika la SOFEPADI kinajulikana kwa kuhudumia wanawake waliopatwa na hayo. PrEP inakuja baadaye, kama maisha yake yanamrudisha kwenye hatari ile ile.

Na nani haihitaji? Mwenye mwenzi mmoja ambaye wamepimwa pamoja na wote hawana. Na yule ambaye mwenzi wake ana ARV na sharji virali haionekani. PrEP haikingi kaswende, kisonono wala mimba, kwa hiyo anayehofia hayo bado anahitaji kapoti.

Vita, pesa za wafadhili na sindano

Kunywa kila siku ni jambo dogo kwa mtu mwenye nyumba, mlango na kufuli. Katika sait kama Kigonze, ambapo familia nzima inalala chini ya hema moja, hakuna mahali pa kuficha kopo, na vidonge vinavyocheza ndani yake vinasikika. Mama anaweza kusema, "Mimi niko muzima, lakini batu banaweza kufikiri niko na ile ugonjwa." Hilo si neno la kupuuza. Ni moja ya mambo yaliyoshinda dawa katika FEM-PrEP. Kwa hiyo muganga anayempa mtu wa sait vidonge 90 bila kumuuliza atavilaza wapi hajamaliza kazi yake. Mwingine anaweza kuacha kopo kwa dada anayekaa mjini, ao kuchukua vichache vichache, ao kuweka kitambaa ndani ya kopo ili visilie.

Kwa upande wa pesa, mpango wa Amerika wa PEPFAR, ambao katika Kongo uliegemea zaidi Kinshasa, Haut-Katanga na Lualaba, ulitikiswa tangu Januari 2025 Washington iliposimamisha msaada wa nje. Februari ilipotoa ruhusa ya kuendelea na baadhi ya kazi, kwa upande wa PrEP iliruhusu wanawake wenye mimba na wanaonyonyesha tu. Dawa ikipungua, uamuzi wa nani atangulie unakuwa mzito, na ile hesabu ya 67 na ya 1,000 inatoka kwa karatasi na kuingia mlangoni mwa santa ya afya.

Kwa upande mwingine kuna habari ya sindano. Dawa ya lenakapaviri inapigwa chini ya ngozi mara moja kila miezi 6. Katika utafiti wa Uganda na Afrika ya Kusini uliotangazwa Juni 2024, kati ya wasichana na wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Waliopewa kidonge cha kila siku katika utafiti huo huo waliambukizwa, na damu ilionyesha tena kwamba wengi hawakukinywa. Julai 2025 OMS ilipendekeza sindano hiyo itumike. Kwa mwanamke anayekimbia mara mbili kwa mwaka, ao asiye na mahali pa kuweka kopo, inaondoa lile tatizo tuliloliona tangu mwanzo. Lakini mama ambaye bwana wake ameanza ARV wiki hii asingoje sindano. Pengo lake ni la miezi 6 hii.

Ukifika kwa muganga

PrEP haipatikani kwa kila santa ya afya. Uliza kwanza pale ARV zinapotolewa ao kwa hospitali kubwa ya zoni yako ya afya, na uulize mambo manne: kopo la mwezi ujao litakuwepo? Nikihama, naweza kuchukua wapi? Kipimo changu cha baada ya mwezi 1 ni tarehe gani? Na sharji virali ya mwenzangu itachukuliwa lini? Swali la mwisho ndilo watu wanalisahau, na ndilo linalokuambia siku ya kuacha kidonge.

Kama unaweza, nendeni wawili.